Mgeuzo wa Fourier wa mfuatano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusogeza wakati, modulesheni na nishati, yakijibiwa kwa namba 1, 2, 1

Majibu yote hapa chini yanatumia mfuatano mmoja mfupi: x[0] = 1, x[1] = 2, x[2] = 1, na sifuri kwingine kote. Chukua karatasi na kalamu, maana kila hesabu iliyomo inafanyika kwa mkono, na kompyuta tutaihitaji mwishoni tu.

## Mgeuzo wa 1, 2, 1 ni upi, na kwa nini umechaguliwa mfuatano huu?

Mgeuzo wa Fourier wa mfuatano, ule unaoandikwa DTFT kwenye vitabu na programu, unachukua kila sampuli, unaizidisha kwa e^(-jωn), kisha unajumlisha zote. Hapa ω ni frikwensi kwa radiani kwa kila sampuli. Kwa mfuatano wetu tunapata:

```
X(ω) = 1 + 2e^(-jω) + e^(-j2ω)
     = e^(-jω) (e^(jω) + 2 + e^(-jω))
     = e^(-jω) (2 + 2cos ω)
```

Hatua ya pili ndiyo yenye ujanja. Tumetoa nje kipeo cha sampuli ya katikati, na vilivyobaki ndani ya mabano vikajipanga pande mbili zinazolingana hadi vikawa kosaini. Faida yake ni kwamba ukubwa na fazi vimeachana waziwazi. Ukubwa ni 2 + 2cos ω, ambao hauwi hasi kamwe, na fazi ni -ω. Ukubwa unaanza na 4 kwenye ω = 0, unashuka hadi 2 kwenye π/2, na unafika sifuri kwenye π. Kwa hiyo huu ni mfuatano wa frikwensi za chini. Ukigawanya sampuli zake kwa 4 unapata kichujio cha kulainisha ambacho watu hukitumia kila siku kupunguza kelele kwenye vipimo vya joto, sauti au picha.

Mfuatano wa 1, 1, 1 ungekuwa rahisi zaidi, lakini sampuli zikilingana zote, makosa mengi ya mpangilio hayaonekani. Katika 1, 2, 1 katikati pana namba tofauti, na hiyo inatosha kuyafichua.

Nitakuwa narudi kwenye ω = π/2 mara kwa mara, kwa sababu pale e^(-jω) ni -j tu na hesabu haihitaji kikokotoo:

```
X(π/2) = 1 + 2(-j) + (-1) = -2j
```

Fomula ya juu nayo inasema ukubwa 2 na fazi -π/2, yaani -2j. Zimekubaliana.

## Nikiuchelewesha mfuatano kwa sampuli tatu, mgeuzo unabadilikaje?

Unazidishwa kwa e^(-j3ω), basi. Kwa jumla, y[n] = x[n - k] ina mgeuzo Y(ω) = e^(-jωk) X(ω). Sababu yake ni fupi: kila sampuli iliyokuwa kwenye nafasi n sasa iko n + k, kwa hiyo kila kipeo kimeongezewa e^(-jωk), na kwa kuwa nyongeza hiyo ni ileile kwa sampuli zote, inatoka nje ya jumla.

Tuihakiki kwa k = 3. Sasa 1, 2, 1 zimekaa kwenye n = 3, 4, 5. Tukipiga hesabu moja kwa moja kwenye π/2:

```
1·e^(-j3π/2) + 2·e^(-j4π/2) + 1·e^(-j5π/2)
= j + 2 - j = 2
```

Na kwa kanuni: e^(-j3π/2) ni j, na j × (-2j) = 2. Majibu ni yaleyale.

Ukubwa haukuguswa. Ulikuwa 2 na bado ni 2, kwa kuwa e^(-jωk) ina ukubwa wa 1 daima. Kilichobadilika ni fazi. Kama sampuli zinachukuliwa mara 8000 kwa sekunde, kama ilivyo katika simu za kidijitali za kawaida, sampuli tatu ni milisekunde 0.375, na π/2 ni hezi 2000. Wimbi la hezi 2000 linamaliza mzunguko kwa sampuli nne, kwa hiyo kulichelewesha kwa tatu ni kulirudisha nyuma robo tatu ya mzunguko, digrii 270. Wimbi la hezi 1000 kwa ucheleweshaji uleule linarudi digrii 135 tu. Ndiyo maana fazi inayoongezwa ni mstari ulionyooka kwa ω: muda ni mmoja kwa mawimbi yote, lakini muda huo ni sehemu kubwa zaidi ya mzunguko kwa wimbi lenye kasi.

## Mara nyingi nachanganya alama: ni e^(-jωk) au e^(+jωk)? Nitajuaje nimekosea?

Angalia ukubwa wako na hutaona kitu, kwa sababu ukubwa haujali alama. Lazima uangalie thamani yenyewe ya namba changamano, na lazima uchague vizuri mahali pa kupimia.

Kwa k = 3 kwenye π/2, alama sahihi inatoa 2. Ukiweka alama ya kinyume unapata e^(+j3π/2) = -j, na -j × (-2j) = -2. Tofauti inaonekana mara moja. Lakini kama ungechelewesha kwa sampuli mbili, basi e^(-jπ) na e^(+jπ) zote ni -1, na jaribio lako lingepita hata kama umekosea. Hapo unahama frikwensi, tuseme π/4, na kosa linajitokeza. Kwenye ω = 0 na ω = π usipime alama kabisa: kwenye sifuri kipeo ni 1 daima, na kwenye π mgeuzo wetu wenyewe ni sifuri.

## Mbona grafu ya fazi baada ya kuchelewesha inarukaruka kama msumeno, na si mstari?

Ni mstari, ila umekunjwa. Fazi ya asili ni -ω, na baada ya kuchelewesha kwa tatu ni -4ω. Ikifika -π kwenye ω = π/4, programu haiwezi kuandika pembe iliyo chini ya hapo, kwa hiyo inaongeza 2π na kuanza tena juu. Kwenye π/2 fazi halisi ni -2π, ambayo kwa namba changamano ni sawa na 0; ndiyo maana tulipata 2, namba halisi chanya. Katika NumPy, `np.unwrap` huunyoosha mstari huo tena, mradi nukta za frikwensi ziwe karibu karibu vya kutosha.

## Na modulesheni?

Hii ni kanuni ya kusogeza wakati iliyogeuzwa upande. Ukizidisha mfuatano kwa e^(jω₀n), mgeuzo wote unahama kwenda kulia kwa ω₀:

```
x[n]·e^(jω₀n)  →  X(ω - ω₀)
```

Mfano ulio mzuri kuliko yote kwa namba zetu ni ω₀ = π, kwa kuwa e^(jπn) ni (-1)^n, yaani alama inabadilika kila sampuli. Mfuatano unakuwa 1, -2, 1. Kwa hesabu ya moja kwa moja:

```
1 - 2e^(-jω) + e^(-j2ω) = e^(-jω) (2cos ω - 2)
```

Kwa kanuni, tunaweka ω - π mahali pa ω. Kosaini inageuka alama na kuwa 2 - 2cos ω, na kipeo e^(-j(ω-π)) kinakuwa -e^(-jω). Zidisha, unarudi palepale. Ukubwa sasa ni sifuri kwenye ω = 0 na 4 kwenye π. Kichujio kilichokuwa kinapitisha frikwensi za chini sasa kinapitisha za juu, na kazi yote iliyofanyika ni kugeuza alama ya namba moja ya katikati. Hii si mbinu ya karatasini tu. Wanaotengeneza vichujio vya kidijitali huitumia kupata kichujio cha juu kutoka kwenye cha chini bila kuanza upya.

Kumbuka kwamba mgeuzo unajirudia kila 2π. Kinachosogezwa na kuvuka ukingo wa π hakipotei, kinaingilia upande wa -π.

## Nishati ya mfuatano ni nini, na kwa nini 1/2π inatokea?

Nishati ni jumla ya miraba ya sampuli. Kwetu ni 1 + 4 + 1 = 6. Kanuni ya Parseval inasema unaweza kuipata namba hiyohiyo upande wa frikwensi:

```
Σ |x[n]|²  =  (1/2π) ∫ |X(ω)|² dω     (ω kutoka -π hadi π)
```

Parseval, Mfaransa, aliiwasilisha kanuni yake mwaka 1799, kabla Fourier hajatoa kazi yake ya mwaka 1807 kuhusu joto, kwa hiyo ni kongwe kuliko mgeuzo ambao leo tunaifundisha nayo.

Badala ya kuikariri, tuifungue. Chukua mraba wa ukubwa:

```
|X(ω)|² = (2 + 2cos ω)² = 4 + 8cos ω + 4cos²ω
        = 6 + 8cos ω + 2cos 2ω
```

Itazame 6 iliyosimama peke yake mbele. Ndiyo nishati. Vipande vingine viwili ni kosaini, na kosaini ikijumlishwa juu ya kipindi kizima inajifuta yenyewe, kwa sababu sehemu zake za juu na za chini zinalingana. Intigrali ya 6 kutoka -π hadi π ni 6 × 2π, na 1/2π inaondoa upana wa kipindi. Kwa maneno mengine, upande wa kulia si kitu kingine ila wastani wa |X(ω)|². Ukiupima mhimili kwa mizunguko kwa sampuli badala ya radiani, kipindi kina upana wa 1 na kigawanyo hicho hakihitajiki kabisa. Wengi wanaopata jibu lililozidi mara 6.28 wamekisahau hapo, na waliopata nusu wamejumlisha kutoka 0 hadi π bila kuzidisha kwa mbili.

Namba 8 na 2 nazo zina asili yake. Zinatokana na kuuzidisha mfuatano kwa nakala yake iliyosogezwa: kwa hatua moja unapata 1×2 + 2×1 = 4, kwa hatua mbili 1×1 = 1, na kila moja inaingia mara mbili, kwa ω na kwa -ω.

Kwa njia hiyohiyo unaweza kuuliza nishati imekaa wapi. Kati ya -π/2 na π/2 kuna 3 + 8/π, yaani karibu 5.55 kati ya 6, au asilimia 92. Baada ya kubadili alama na kupata 1, -2, 1, asilimia hizo 92 zimehamia nusu ya juu, na jumla bado ni 6.

## Kwa hiyo kuchelewesha na modulesheni havibadilishi nishati kamwe?

Kuchelewesha, kamwe. Modulesheni ya e^(jω₀n), kamwe pia, kwa kuwa kila sampuli inazidishwa kwa namba yenye ukubwa wa 1. Lakini vifaa halisi havizidishi kwa e^(jω₀n), vinazidisha kwa kosaini, na hapo mambo yanakuwa mengine. Swali linalofuata ndilo linalowaangusha wengi.

## Nimesoma kwamba ukizidisha kwa kosaini nishati inabaki nusu. Mbona kwangu haitoki nusu?

Kwa sababu kauli hiyo ina sharti ambalo mara nyingi haliandikwi.

Tuzidishe 1, 2, 1 kwa cos(πn/2), ambayo kwa n = 0, 1, 2 ni 1, 0, -1. Tunapata 1, 0, -1. Nishati yake ni 2. Nusu ya 6 ni 3. Tumepungukiwa na moja.

Kwanza tuhakikishe kwamba kanuni ya modulesheni yenyewe haina kasoro. Kosaini ni nusu ya e^(jω₀n) na nusu ya e^(-jω₀n), kwa hiyo mgeuzo unapaswa kuwa nakala mbili, kila moja imepunguzwa nusu, moja kulia na nyingine kushoto:

```
½X(ω - π/2) = ½ · j e^(-jω) (2 + 2sin ω)
½X(ω + π/2) = ½ · (-j) e^(-jω) (2 - 2sin ω)
jumla       = 2j sin ω · e^(-jω)
```

Moja kwa moja: 1 - e^(-j2ω) ni e^(-jω)(e^(jω) - e^(-jω)), ambayo ni 2j sin ω · e^(-jω). Kanuni iko sawa, na wastani wa 4sin²ω ni 2, kwa hiyo Parseval naye yuko sawa.

Tatizo liko kwenye kudhani kwamba nishati ya nakala mbili ni jumla ya nishati zake. Kila nakala ikiwa peke yake ina robo ya 6, yaani 1.5, na 1.5 + 1.5 inatoa 3 yetu ya kutarajia. Lakini mgeuzo wa 1, 2, 1 ni mpana. Unaenea kipindi kizima. Ukiuhamisha robo ya kipindi kulia na robo kushoto, nakala hizo zinapandana karibu kila mahali, na zinapopandana zinajumlishwa pamoja na alama zake. Hapa zina alama za kinyume, j na -j, kwa hiyo zinakatana. Kwenye ω = 0, kwa mfano, kila moja ina ukubwa wa 1, na jumla yake ni sifuri kabisa.

Upande wa wakati sababu inaonekana kwa urahisi zaidi. Mraba wa kosaini ni nusu ya 1 + cos(2ω₀n), kwa hiyo:

```
nishati = ½ Σ x² + ½ Σ x² cos(2ω₀n)
        = ½ · 6 + ½ (1 - 4 + 1)
        = 3 - 1 = 2
```

Kipande cha pili ndicho kilichoachwa kwenye kauli ya "nusu". Kinakuwa kidogo sana pale mfuatano unapokuwa mrefu na laini ukilinganisha na kosaini, kwa sababu hapo cos(2ω₀n) inapanda na kushuka mara nyingi na kujifuta. Kituo cha redio cha masafa ya kati kinachobeba sauti ya kilohezi chache juu ya wimbi la kilohezi 1000 hakina shida hii. Nakala mbili ziko mbali mno kugusana. Mfuatano wa sampuli tatu hauna nafasi hiyo.

Jaribu sasa saini badala ya kosaini. sin(πn/2) ni 0, 1, 0, na matokeo ni 0, 2, 0 yenye nishati 4, yaani 3 + 1. Kosaini imechukua 2, saini 4, na jumla ni 6, kwa kuwa mraba wa kosaini na mraba wa saini hujumlika kuwa 1 kwenye kila sampuli. Ukichukua fazi ya katikati, cos(πn/2 + π/4), kila mraba wake ni nusu kwenye sampuli zote tatu, na hapo unapata 3 kamili. Kwa hiyo kwa mfuatano mfupi nishati inategemea hata mahali kosaini inapoanzia. Anayeona nishati yake inacheza kati ya 2 na 4 kila anapobadili fazi hana hitilafu kwenye programu.

Na kwenye ω₀ = π nakala mbili zinaangukia mahali pamoja kabisa, zinajumlika, na nishati inabaki 6 yote.

## Nihakiki vipi kwa kompyuta?

FFT inapima mgeuzo huu kwenye nukta N zilizogawanywa sawasawa katika kipindi. Intigrali inakuwa wastani wa nukta hizo, na wastani huo ni kamili, si wa kukadiria, mradi N isiwe chini ya urefu wa mfuatano. Kwa N = 4 ukubwa ni 4, 2, 0, 2; miraba inajumlika 24, na 24/4 ni 6.

```python
import numpy as np
x = np.array([1, 2, 1])
for N in (2, 3, 4, 8):
    X = np.fft.fft(x, N)
    print(N, np.sum(np.abs(X)**2) / N)
```

Utapata 6 kwa N = 3, 4 na 8, lakini 5 kwa N = 2. Hapo NumPy imekata sampuli ya mwisho bila kukuonya, na 5 ni nishati ya 1, 2 peke yake. Kama ungepima X(ω) ya kweli kwenye nukta mbili, 0 na π, ungepata 4 na 0, na 16/2 ni 8. Majibu mawili mabaya tofauti kwa kosa linalofanana, kwa hiyo namba uliyopata inakuambia ulikosea wapi.

Mtego mwingine ni `np.linspace(-np.pi, np.pi, 5)`, ambayo inahesabu -π na π kana kwamba ni nukta mbili tofauti. Wastani unatoka 24/5, yaani 4.8. Weka `endpoint=False` na nukta 4, na 6 inarudi.

Kuhusu kuchelewesha, usitumie `np.roll` kwenye sampuli tatu tupu. Ukizungusha kwa hatua moja, inachukua ya mwisho na kuirudisha mbele, ukapata 1, 1, 2, ambao si mfuatano wetu uliocheleweshwa. Kwenye π/2 ukubwa wake ni mzizi wa 2, si 2. Ongeza sifuri za kutosha nyuma kwanza, ndipo uzungushe.

## Nikichelewesha na kufanya modulesheni kwa pamoja, mpangilio una maana?

Una maana kwa fazi, hauna kwa ukubwa. Ukichelewesha kwa 3 kwanza kisha ukazidisha kwa e^(jπn/2), sampuli ya kwanza, iliyo kwenye n = 3, inapata kizidisho e^(j3π/2) = -j. Ukianza na modulesheni, sampuli hiyo ilikuwa kwenye n = 0 ilipozidishwa, ikapata 1, ndipo ikasogea. Tofauti ni -j hiyohiyo kwa sampuli zote na kwa frikwensi zote. Nishati ni 6 kwa njia zote mbili, na grafu ya ukubwa haitakuonyesha lolote. Kipokezi kinachosoma taarifa kutoka kwenye fazi, hata hivyo, kitaona kila thamani imezungushwa digrii 90.